Moyo mwoga, mshahara imara: je, mwalimu wa serikali anunue hisa?

*"Nina miaka 38, nafundisha kemia katika sekondari ya serikali wilayani Busia, na nimeshathibitishwa kazini. Nina akiba ya shilingi milioni 18: milioni 12 ziko kwenye mfuko wa pamoja unaonunua dhamana za serikali, milioni 6 ziko kwenye chama chetu cha walimu cha akiba na mikopo. Kila mwezi naongeza laki tano. Mtoto wa kwanza ataingia chuo kikuu baada ya miaka mitatu. Dalali mmoja wa Kampala alinijazisha fomu, akasema mimi ni mwekezaji wa tahadhari na hisa hazinifai. Mwenzangu hapa shuleni anasema nitajuta nikizikosa. Ukweli ni kwamba mimi ni mwoga. Shemeji yangu alipoteza fedha zake zote katika mchezo wa piramidi, na tangu hapo nikisikia neno uwekezaji tumbo linanikata. Nimsikilize nani?"*

Mwalimu, dalali aliisoma fomu sawasawa. Kosa lake ni kudhani kwamba fomu ilikuwa imeuliza kila kitu.

Kuna mambo mawili ambayo kwenye mazungumzo ya kawaida tunayatia kapu moja na kuyaita "hatari". La kwanza ni uvumilivu wa hatari, yaani moyo wako unafanyaje unapoona fedha zako zimepungua: unalala, au unaamka saa nane za usiku kupiga hesabu? La pili ni uwezo wa kubeba hatari, yaani maisha yako yanafanyaje fedha hizo zikipungua. Karo italipwa? Kodi ya nyumba je? Itabidi uuze kitu kwa bei ya kutupa? La kwanza nitaliita moyo, la pili nitaliita mfuko. Fomu nyingi huuliza habari za moyo tu, na mtu huondoka akiamini ameambiwa habari za mfuko wake pia.

Nikupe mfano wa mtu wa pili. Nina mteja mwenye duka la vitambaa Kikuubo. Kwenye fomu kama yako alijibu bila kusita: bei zikianguka, ataongeza kununua. Na si majivuno, moyo anao. Basi Machi 2020 ikaja korona, majengo ya maduka katikati ya Kampala yakafungwa kwa miezi kadhaa, mwenye jengo akaendelea kudai kodi, na mzigo wake ukawa umelala ndani. Hisa zake alizokuwa nazo ziliuzwa wakati ule ule bei zilipokuwa chini, kwa sababu hakuwa na shilingi nyingine ya kula. Moyo wake ulikuwa tayari kungoja, mfuko ukakataa.

Sasa jikumbuke wewe mwaka huo. Shule zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Wenzako wa shule za binafsi wengine waliuza chapati, wengine walirudi kijijini kulima. Wewe mshahara wako uliingia. Jambo ambalo lingemfilisi mfanyabiashara yule halikugusa hata karo ya watoto wako. Huo ndio uwezo wa kubeba hatari, nao unajulikana kwa chanzo cha kipato, siyo kwa ujasiri.

Baadhi ya fomu huuliza yote mawili, halafu zinajumlisha alama, na hapo ndipo zinaponikera. Chukua alama 20 za moyo na 20 za mfuko. Mwenye duka anapata 18 za moyo na 6 za mfuko, jumla 24. Wewe unapata 6 za moyo na 18 za mfuko, jumla 24. Karatasi inawaona nyinyi wawili kuwa mtu mmoja mwenye msimamo wa wastani, wakati yeye anahitaji kuzuiwa na wewe unahitaji kusogezwa taratibu. Alama hizi hazijumlishwi. Zinatazamwa kila moja peke yake, na ile ndogo ndiyo inayoamua tuanze na kiasi gani. Lakini ikiwa ndogo ni ya moyo, tunaweza kuufundisha moyo. Ikiwa ndogo ni ya mfuko, mafunzo hayasaidii kitu.

Sasa njoo tuutazame mfuko wako vizuri, maana nadhani hujawahi kuuona wote. Tangu serikali ilipopandisha mishahara ya walimu wa sayansi wenye shahada hadi milioni 4 mwaka 2022, baada ya kodi ya mapato wewe unabaki na kama milioni 2.9 kwa mwezi. Kwa mwaka ni karibu milioni 35. Mpaka ustaafu ukiwa na miaka 60 imebaki miaka 22, kwa hiyo hata mshahara usipoongezeka tena, utapokea zaidi ya milioni 760. Hizo milioni 18 zinazokukosesha usingizi hazifiki hata asilimia mbili na nusu ya fedha ambazo maisha yatakupitishia mkononi. Na hizo 760 zinakuja vipi? Kiasi kinajulikana, kila mwezi, kutoka serikalini. Kitu kinacholipa kiasi kinachojulikana, kwa tarehe inayojulikana, kutoka serikalini, tuna jina lake: hati fungani. Mshahara wako ni hati fungani kubwa kuliko yoyote utakayowahi kununua Benki Kuu. Pensheni inayofuata ni nyingine.

Hapo ndipo ninapotofautiana na dalali. Ukihesabu anayekulipa katika kila kapu, mshahara unatoka Serikali ya Uganda. Pensheni inatoka huko huko. Mfuko wa pamoja unanunua dhamana za serikali, kwa hiyo riba yake inatoka huko. Chama chenu kinakopesha walimu, nao wanarudisha mikopo kwa makato ya mshahara wa serikali. Una makapu manne na mlipaji mmoja. Umekimbia hatari ya hisa ukaangukia hatari nyingine ambayo haina bei inayopanda na kushuka kila siku, ndiyo maana huioni.

Sisemi serikali itashindwa kukulipa. Hutokea zaidi kwamba inakulipa fedha zile zile zikiwa zimepungua nguvu. Oktoba 2011 mfumuko wa bei hapa kwetu ulipita asilimia 30, na kama ulikuwa chuoni wakati huo utakumbuka bei ya sukari. Aliyekuwa na mshahara maalumu na riba maalumu aliumia kote kwa mpigo mmoja. Upo pia mkasa mzito zaidi wa Ghana. Desemba 2022 serikali yao ilitangaza kubadilisha dhamana zake za ndani: mwenye ya zamani apewe mpya, yenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Mwanzoni mwa 2023 wastaafu walisimama nje ya Wizara ya Fedha jijini Accra wakiwa na mabango. Walikuwa watu waangalifu kama wewe, waliowekeza mahali walipoambiwa hapana hatari.

Kampuni inayouza muda wa maongezi, dawa au huduma za kila siku iko katika hali tofauti. Gharama zikipanda, nayo hupandisha bei, ingawa kwa kuchelewa, na mwenye hisa anakula sehemu ya kile kinachobaki. Riba ya hati fungani imeandikwa siku ya kwanza na haibadiliki. Gawio linaweza kukua, linaweza pia kufutwa, lakini haliamuliwi na mtu yule yule anayesaini mshahara wako. Kwa mtu wa aina yako hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya hisa. Faida kubwa ni ya pili.

Nasema ya pili makusudi, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa kwa nchi ambazo serikali hulipa riba ya asilimia mbili au tatu, na huko hisa ni lazima ukitaka fedha zikue. Uganda sivyo. Hati fungani zetu za miaka 10 na 15 zimelipa riba ya tarakimu mbili kwa miaka mingi, juu sana ya mfumuko wa bei wa kawaida. Unaweza kuanza kwa shilingi laki moja tu, na kodi ya riba kwa zile za miaka 10 na zaidi ni asilimia 10 badala ya 20 inayokatwa kwenye za muda mfupi. Mtu akikuapia kwamba hisa za Kampala zitazishinda, muulize anauza nini. Kwa hiyo mwenzako wa shuleni naye nusu yake amekosea. Hutajuta kwa kukosa utajiri. Unaweza kujuta kwa kuwa na mlipaji mmoja.

Na hisa zinaumiza, hilo tusifichane. Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, na Waganda wengi walivuka mpaka kununua, pengine hata kwenu Busia. Kufikia mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 3. Mwaka 2021 ilipita 40, na mwaka 2023 ikarudi chini ya 15. Wapo waliokuwa wamekopa benki ili wanunue. Mkopo ulidai marejesho kila mwezi, bei ilikuwa chini, wakauza kwa hasara. Jirani yao aliyenunua kwa akiba yake, mwenye mshahara, alikuwa na hisa ile ile na bei ile ile, akakaa tu. Tofauti yao ilikuwa ya mfuko.

Hapa nyumbani kuna ugumu wa ziada. Soko la Hisa la Uganda ni dogo, na kampuni ambazo hisa zake hubadilisha mikono kila siku ni chache. Unaweza kutaka kuuza Jumatatu ukapata mnunuzi wiki ijayo. Ada ya dalali pamoja na tozo nyingine hukaribia asilimia 2 unaponunua, na tena unapouza, kwa hiyo anayeingia na kutoka anamlisha dalali. Kuwa na kampuni moja pekee ni kujitafutia taabu: Umeme ilikuwa kipenzi cha watu kwa sababu ya magawio, lakini biashara yake ilisimama juu ya mkataba wa serikali, na mkataba ulipofika mwisho Machi 31, 2025, waliokuwa na hisa wakabaki wanafuatilia mvutano wa fidia. Nawe ambaye tayari unamtegemea mlipaji mmoja, angalia hata benki unazonunua: benki zetu zina dhamana nyingi za serikali, hivyo hisa ya benki inakurudisha kidogo pale pale ulipotoka.

Turudi kwenye tumbo linalokukata. Nadhani hapo mambo mawili yamechanganyika, nayo yana dawa tofauti. Sehemu moja ni moyo wako kweli, na siudharau. Sehemu nyingine ni picha uliyobaki nayo kutoka kwa shemeji. Katika piramidi hakuna biashara; fedha ya anayeingia leo ndiyo faida ya aliyeingia jana, na siku wageni wakikosekana hakuna kilichobaki, hata kiti. Hisa ikishuka kwa nusu, kampuni siku hiyo hiyo bado inauza, inalipa wafanyakazi na inatoa hesabu zilizokaguliwa. Inaweza kufa pia, ndiyo, lakini kwa kawaida haifi kimyakimya usiku mmoja. Wewe unaogopa hisa kwa kiwango kinachoistahili piramidi. Mtihani mdogo wa kuzitenganisha: uliza fedha za faida zinatoka kwa mteja gani. Kwa kampuni ya simu, mteja ni wewe mwenyewe, jana ulinunua kifurushi. Shemeji yako angeulizwa swali hilo asingekuwa na jibu.

Tufanye hesabu yako sasa, na kwa shilingi, maana asilimia hazimtishi mtu mpaka zimfike.

Unatumia kama milioni 2.4 kwa mwezi. Mwenye duka la Kikuubo ningemwambia aweke akiba ya dharura ya miezi sita au zaidi. Wewe miezi mitatu inatosha, yaani milioni 7.2, na zibaki kwenye mfuko wa pamoja ambako unazitoa kwa siku chache. Milioni 6 za chama ziwe za chuo kikuu. Fedha inayohitajika ndani ya miaka mitatu hainunui hisa, hata moyo wako ungekuwa wa simba. (Angalia tu kama akiba hiyo haijashikwa kama dhamana ya mkopo wa mwenzako, walimu mnadhaminiana sana, na aliyedhaminiwa akishindwa, akiba yako ndiyo hugongwa.) Zinabaki milioni 4.8. Hizo peke yake ndizo fedha za uzee. Tazama jinsi swali lilivyopungua: tulidhani tunazungumza juu ya milioni 18.

Jiulize hivi. Umefungua taarifa yako asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, ukakuta kiasi fulani hakipo. Ni kiasi gani ambacho ungefunga simu, ukaingia darasani na kufundisha milinganyo ya kemikali bila kukosea? Tuseme laki tano. Hisa zinaweza kushuka kwa nusu, basi mwanzo wako ni mara mbili ya hapo: milioni 1, kama moja ya tano ya zile 4.8. Zikishuka kwa nusu umepoteza akiba ya mwezi mmoja. Mwezi unaofuata mshahara unaingia na pengo limezibwa. Mwenye duka hawezi kukuambia pengo kama hilo kwake litazibwa lini.

Halafu, katika laki tano za kila mwezi, mbili ziende kwenye chuo, mbili kwenye hati fungani au mfuko wa pamoja kwa ajili ya uzee, moja kwenye hisa. Usinunue kila mwezi. Kusanya, ununue mara moja kwa miezi mitatu, itakupunguzia usumbufu. Baada ya miaka mitatu, hata pasipo faida yoyote, utakuwa na hisa za milioni 4.6 kati ya fedha za uzee milioni 15.6. Hapo ni karibu asilimia 30, na kwa maoni yangu, kwa hali ya soko letu na riba za dhamana zetu, theluthi moja ndiyo dari yako. Kushuka kwa nusu wakati huo ni milioni 2.3, akiba ya miezi isiyofika mitano. Leo kiasi hicho kingekutoa jasho. Lakini kabla ya kufika huko utakuwa umeona bei zikishuka mara moja au mbili ukiwa na kidogo mkononi, na hiyo ndiyo shule ya moyo ninayoijua. Mimi mwenyewe nilifeli darasa la kwanza: niliuza hisa za kampuni moja kwa sababu ya kichwa cha habari cha gazeti, nikalipa ada, na miezi minane baadaye nikazinunua tena kwa bei ya juu zaidi.

Utajuaje kama nimekupa dozi kubwa mno? Ukijikuta unatazama bei kila siku, au unampigia dalali bila jambo, punguza. Hakuna aibu, ila punguza wakati bei zimetulia, kabla hazijaanguka.

Kununua kwenyewe si kazi kubwa: unafungua akaunti ya SCD, yaani ile inayotunza hisa zako kielektroniki, kupitia dalali aliyepewa leseni, ukiwa na kitambulisho chako cha taifa na akaunti ya benki. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Jina lisipokuwepo, ondoka. Chukua kampuni tatu au nne za biashara tofauti, au kama kuchagua kunakutia hofu, uliza kuhusu mfuko wa pamoja wa mchanganyiko, lakini soma kwanza ukurasa wa mali zake. Mingi ya mifuko yetu, hata yenye majina mazuri, imejaa dhamana za serikali, nawe hizo unazo tele.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa kuandika, nayo yanahitaji ukae na mshauri mwenye leseni uso kwa uso. Kama kuna ndugu wanaokutegemea ambao hukuwataja, kama kuna ugonjwa nyumbani, kama unafikiria kuacha kazi ya serikali au kununua kiwanja, mfuko wako siyo huu niliouchora. Nenda na karatasi za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya chama na orodha ya mikopo uliyodhamini. Na kama kwenye karatasi hizo kuna makato ya mkopo wa mshahara, lipa mkopo huo kwanza. Mpaka uishe, ile laki moja ya hisa ni ya benki.